Seti ya Kamera za Ulinzi kwa Duka Dogo: Ipi Ianze, Ipi Ifuate

Boksi la kamera huandikwa sifa nyingi, lakini mwenye duka dogo ana swali moja ambalo kamera inapaswa kumjibu: aliyeingia saa nane za usiku ana sura gani? Seti zinazouzwa kwa wingi nimezipanga kwa kulifuata swali hilo, yaani kwa kutazama jinsi kamera inavyoona gizani, mahali picha zinapokaa, na fundi atakayeitwa siku mitambo ikigoma.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya kamera 2 hadi 4 za waya wa koaksia zinazoingia kwenye DVR, mashine ya kurekodi yenye diski yake. Ya pili ni seti ya NVR, mashine ya kurekodi inayopokea picha kwa mtandao, yenye kamera za PoE, ambazo hupokea umeme na kupeleka picha kwa kebo moja ya mtandao. Ya tatu ni kamera za Wi-Fi zenye kadi ya kumbukumbu ndani yake, na ya mwisho ni kamera za betri zinazotegemea hifadhi ya mtandaoni peke yake. Kwa ubora wa picha, PoE mara nyingi huishinda koaksia, na sibishani na anayeanza nayo. Nimeiweka ya pili kwa sababu ikiharibika humhitaji fundi anayeelewa mitandao, ilhali koaksia hurekebishwa na karibu kila fundi wa kamera.

Tuanze na usiku, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Boksi likisema kamera inaona mita 30 gizani, maana yake ni kwamba taa zake za infraredi zinafika huko na utaona kuna kitu kinachosogea. Halisemi kwamba utamtambua mtu. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa kamera ni kwamba, ili sura ya mtu usiyemjua itambulike, kila mita moja ya upana wa picha ipate pikseli zipatazo 250. Tuchukue duka lenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 6, kamera ikiwa imefungwa nyuma ya kaunta, mita 5 kutoka mlangoni, na picha yake ina pikseli 1920 kwa upana. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo huja katika seti nyingi, kwa umbali huo hutawanya pikseli zake juu ya upana wa takriban mita 13, nyingi zikiishia kwenye kuta, na kila mita hupata pikseli 150 hivi. Utaona kanzu au koti, hutaona uso. Lenzi ya milimita 6 mahali palepale hukusanya mita 5 tu, na kila mita hupata zaidi ya pikseli 380. Kwa hiyo mwambie muuzaji akubadilishie kamera moja ya seti iwe ya milimita 6 na ielekezwe mlangoni, kisha zile za milimita 2.8 zibaki kutazama kaunta na rafu.

Infraredi nayo ina vituko vyake. Kamera ikifungwa karibu na ukuta mweupe, mwanga hurudi na kuijaza lenzi, kamera hujipunguzia mwanga, na sehemu nyingine yote ya duka huwa nyeusi. Ikiwekwa nyuma ya kioo cha dirisha ili itazame barazani, usiku huonyesha doa jeupe la taa zake yenyewe na si kitu kingine. Buibui nao hupenda kutanda mbele yake, na uzi mmoja wa utando ukipigwa na mwanga huo huonekana kama kamba nene inayocheza usiku kucha. Kamera zinazotangazwa kuwa na rangi usiku hazitengenezi mwanga. Zina lenzi yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga, ambayo bado inahitaji taa fulani, ya duka au ya kwao wenyewe, na ukizima taa zote hukosa faida yake.

Kabla ya kulipa, omba jaribio katika chumba cha giza: mtu atembee kuelekea kwenye kamera kwa mwendo wa kawaida, video irekodiwe, halafu isimamishwe katikati ya hatua. Picha ya moja kwa moja hudanganya, kwa kuwa jicho husahihisha ukungu wa mtu anayetembea. Ile iliyosimamishwa ndiyo utakayompelekea mpelelezi.

Upande wa hifadhi, hesabu yenyewe ni fupi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 2 kila sekunde hutumia gigabaiti 21.6 kwa siku, na kamera 4 hutumia 86.4, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 huhifadhi siku 11 na ushei kabla ya mashine kuanza kufuta za zamani. Kuchagua kwenye menyu H.265, njia ya kubana video zaidi kuliko H.264 ya zamani, pale ambapo mashine inaiwezesha, hukaribia kuzidisha siku hizo maradufu. Chukua diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, kwa kuwa ya kompyuta ya kawaida haikukusudiwa kuandika mfululizo mchana na usiku, na DVR iwekwe ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na kaunta, kwa sababu mwizi anayejua kazi yake huondoka nayo. Kadi ya gigabaiti 128 hubeba siku 6 hivi za kamera moja, lakini kamera ikinyofolewa, ushahidi umeondoka ndani yake. Hifadhi ya mtandaoni huokoa ushahidi huo, ila kamera 4 zikipeleka kila kitu zinataka intaneti ya kupandisha megabiti 8 kwa sekunde bila kukatika, na ndiyo maana nyingi hupeleka vipande vifupi tu pale zinapohisi mtu. Naiona kuwa nyongeza nzuri ya DVR, si mbadala wake.

Sasa fundi. Niliwahi kuitwa kwenye duka ambalo kamera mbili zilifanya kazi vizuri mchana na kuzimika kila jioni. Aliyezifunga alikuwa amesema kamera ni mbovu, na mwenye duka alikuwa tayari kununua nyingine. Kumbe adapta ilikuwa ya ampea 2 kwa kamera 4 zilizoandikwa ampea 0.5 kila moja, bila akiba yoyote, na waya mrefu ulikuwa wa alumini iliyopakwa shaba. Giza likiingia, taa za infraredi huwaka, kamera huvuta umeme zaidi, volti 12 hushuka njiani, na kamera zilizo mbali huzimika na kuwaka upya. Tuliweka adapta ya ampea 5 na waya wa shaba tupu, na zikatulia.

Muulize fundi mapema kama anaweza kufika ndani ya siku moja au mbili na kama ana adapta na diski za akiba. Nenosiri la msimamizi lazima liwe lako, na mashine isajiliwe kwenye simu yako kwa akaunti yako. Mashine nyingi hufungamana na akaunti ya kwanza iliyozisajili, na fundi akihama mji hutaweza kuzifungua bila kumtafuta. Siku ya makabidhiano, usimlipe sehemu ya mwisho mpaka uwe umekaa wewe mwenyewe mbele ya skrini, ukatafuta dakika tano za jana usiku, ukahakikisha saa iliyoandikwa juu ya picha ni sahihi, ukazinakili kwenye flashi, na zikafunguka kwenye kompyuta nyingine.