Mashine iliyosoma kejeli ikaiita sifa: uzoefu wangu na huduma ya kuchambua maoni ya mitandaoni

Mwanzoni mwa kusi, bahari ilipoanza kuchafuka, kampuni ya boti ninayofanyia kazi ililipia huduma ya kuchambua maoni ambayo abiria wetu wa Unguja na Pemba wanaandika chini ya picha na matangazo yetu. Mimi ndiye ninayeshughulikia malalamiko ya wateja, kwa hiyo ripoti zilikuwa zikija kwangu. Jina la huduma sitalitaja, lakini nitaeleza kilichonifika, kwa sababu bado nina hasira nayo.

Katika mkutano wa wiki ya tatu, meneja alisoma ripoti kwa furaha: sifa zimepanda. Juu kabisa katika orodha ya sifa lilikuwepo neno hili la abiria mmoja: "Hongereni sana kwa kutufikisha salama Mkoani, na mikoba yetu mmeiogesha bila hata kutudai shilingi." Mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili anajua kwamba huyu bwana hapongezi. Mkoba wake umelowa maji ya chumvi. Alikuwa ameweka na picha ya mkoba wenyewe, umefunguliwa sakafuni na nguo zikichuruzika, ila mashine inasoma maandishi tu, picha haioni. Chini yake mwengine alijibu, "Na mimi pia, Mungu awazidishie," na jibu hilo nalo likahesabiwa kuwa dua njema, kwa sababu mashine ilikuwa ikilisoma kila jibu peke yake, limekatwa na neno linalolijibu. Malalamiko mawili makubwa ya wiki nzima yakaingia katika hesabu ya pongezi, nasi tukapigiana makofi.

Niliwapigia simu wenye huduma hiyo. Kijana aliyepokea alinisikiliza kidogo, kisha akaniambia: "Dada yangu, tatizo si mfumo. Wateja wenu wajifunze kuandika wanachomaanisha." Neno hili halijanitoka moyoni hadi leo. Abiria aliyelipa nauli na nguo zake zikaharibika ana haki ya kulalamika kwa lugha yake, na kejeli ni sehemu ya lugha hiyo tangu enzi za mabibi zetu. Aliyeuza huduma ya kuelewa Kiswahili ndiye anayepaswa kukielewa.

Baada ya kumbana alikiri jambo ambalo hatukuelezwa wakati wa kulipa: maoni yanatafsiriwa kwanza kwa Kiingereza, halafu ndiyo yanapimwa hisia. Nilipofungua safu ya tafsiri katika ripoti nikaona chanzo cha mengi. "Boti yenu mpya kiboko," ambayo ni sifa tupu, ilikuwa imegeuzwa ikawa habari ya mnyama wa mtoni. "Mashaallah, leo mmechelewa saa mbili tu" ilibaki na ile Mashaallah ikapata alama ya juu, ingawa uchungu wote wa sentensi umekaa katika hiyo "tu" ya mwisho. Tafsiri inabakiza maneno na kuacha sauti, na kejeli imo katika sauti. Wala haiwezi kusemwa kwamba hakuna njia nyengine, kwani mkusanyo wa AfriSenti wa mwaka 2023 una twiti za lugha 14 za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, zilizowekewa alama na watu wanaozijua lugha hizo.

Sikutaka kubishana kwa hasira peke yake. Mimi na mwenzangu wa ofisi, ambaye kwao ni Wete, tulichukua maoni 200, kila mmoja akayapanga peke yake katika mafungu matatu, yaani sifa, malalamiko na ya kawaida, bila kuangalia jibu la mashine. Tulipolinganisha, tulikuwa tumetofautiana katika maoni 23. Neno kama "Haya, tumeshukuru" mimi nililiona ni shukrani na yeye akaliona ni mtu aliyekata tamaa. Ikiwa watu wawili waliokulia visiwani wanatofautiana, basi mashine haiwezi kutakiwa isikosee kabisa, na hapo hasira yangu ilipungua kidogo. Tuliyajadili hayo 23 tukakubaliana.

Hesabu yetu ya mwisho ilikuwa na maoni ya kawaida 140, mengi yakiuliza nauli na saa ya kuondoka, sifa 25 na malalamiko 35. Mashine ilipatia ya kawaida 133, sifa 20 na malalamiko 15. Jumla ni 168 kati ya 200, yaani asilimia 84, na yule kijana alipoiona namba hiyo alifurahi sana. Lakini namba hiyo imebebwa na watu wanaouliza nauli. Kazi niliyolipiwa ni kuyaona malalamiko, na katika hayo mashine ilipata 15 tu kati ya 35, hata nusu haikufika. Kati ya 20 yaliyoikimbia, 14 iliyatia katika sifa. Fungu lake la sifa lilikuwa na maoni 38, kwa hiyo zaidi ya theluthi ya pongezi alizozisoma meneja yalikuwa ni malalamiko ya watu. Anayetaka kuipima huduma kama hii asiridhike na asilimia ya jumla. Achukue malalamiko ya kweli, ahesabu mangapi yamekamatwa, kisha afungue fungu la sifa asome kilichomo.

Nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya kuvunja mkataba, na hapa ndipo ninapolazimika kusema haki. Katika huduma hiyo kuna sehemu ya kuhesabu maneno kwa siku, ambayo haijali hisia hata kidogo. Nilitafuta "imelowa" nikapata machache, kwa sababu Kiswahili kinabadilisha mwanzo wa neno, na mashine inahesabu "imelowa", "limelowa", "zimelowa" na "vililowa" kuwa maneno manne tofauti. Nilipotafuta kwa shina "lowa" peke yake, hesabu ilijikusanya: maneno ya kulowa yalikuwa karibu yote katika siku za safari za boti moja, na yalianza wiki ile ile kusi ilipokaza. Mabaharia walipokagua sitaha ya mbele walikuta turubai la mizigo limechanika upande wa upepo. Mimi kwa macho yangu, nikisoma maoni moja moja baina ya simu na wateja, nisingeweza kuona kwamba ni boti moja tu. Turubai lilibadilishwa, na maneno ya kulowa yakapungua.

Kwa hiyo hukumu yangu si ile niliyoanza nayo. Kuhesabu inahesabu vizuri, na hesabu hiyo imetufaa. Kupima moyo wa mtu wa Pemba kupitia tafsiri, haiwezi, na kutuuzia kana kwamba inaweza si uungwana. Tumelipia miezi mitatu myengine kwa ajili ya hesabu ya maneno tu. Safu ya sifa nimeiomba iondolewe katika ripoti ya meneja, na maoni yote yenye "hongera", "asante" na "Mashaallah" tunayasoma wenyewe kila asubuhi, pamoja na picha zake na majibu yaliyo chini yake. Abiria wa mkoba tumemwomba radhi na kumlipa. Kampuni ile ya uchambuzi haijaniomba radhi bado, na ikiwa yule kijana atarudia maneno yake kwa abiria wetu, hata hiyo miezi mitatu sitaimaliza.