Spidi megabiti 48, mechi inakwama: uzoefu wangu na faiba ya nyumbani Sinza

Ninaishi Sinza, na tangu mwezi wa tatu ninalipia intaneti ya faiba ya megabiti 50 kutoka kwa kampuni ambayo sitaitaja. Miezi miwili ya kwanza sikuwa na neno nayo. Kisha mechi za ligi za Ulaya, ninazozitazama mubashara kwenye kompyuta, zikaanza kukwama kila baada ya dakika mbili tatu: kiduara kinazunguka, picha inarudi ikiwa na ukungu, halafu inakwama tena. Nikipima spidi napata 47 au 48. Nikipiga simu huduma kwa wateja, dada anayepokea ananijibu kwa upole kwamba, "Kaka, huku kwetu unasomeka vizuri, spidi yako yote inafika." Hakuwa anadanganya. Spidi ilikuwa inafika kweli, na ndiyo maana ilinichukua wiki mbili kutambua kwamba kipimo tulichokuwa tunakitegemea sote wawili hakikuwa kinapima ugonjwa wangu.

Jambo la kwanza nililolifanya ni kuachana na waifai na kuichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, kwa sababu Sinza nyumba zimebanana na mawimbi ya ruta za majirani hugongana, na sikutaka kumlaumu mtoa huduma kwa kosa la hewa ya mtaani. Nilipima kwanza ruta yenyewe, nisipoteze hata paketi moja, yaani kifurushi kimoja cha data, kati ya 200. Kisha nikapima nje hadi 1.1.1.1, seva ya umma, paketi moja kila sekunde kwa dakika kumi:

```
ping -n 600 1.1.1.1
```

Jibu la Windows mwishoni lilikuwa `Lost = 1 (0% loss)`. Nilivunjika moyo, kwa kuwa nilitarajia kuona upotevu mkubwa. Hapa niwatahadharishe wanaotumia Windows: asilimia hiyo hukatwa desimali zake, hivyo moja kati ya 600 huandikwa sifuri. Someni idadi ya paketi zilizopotea, msisome asilimia peke yake. Vilevile msiridhike na vipimo vinne ambavyo amri hiyo hutuma usipoiambia idadi, maana hata mia moja hazitoshi: laini inayopoteza paketi moja katika kila mia inaweza kabisa kupita kipimo cha mia moja ikiwa safi, na hilo hutokea takriban mara moja katika kila majaribio matatu.

Kilichonifumbua macho ni ukubwa wa paketi. Windows hutuma baiti 32 tu za data, yaani kijipaketi kidogo sana, ilhali video husafirishwa katika paketi zinazokaribia baiti 1,500. Kama waya unaharibu biti moja moja hapa na pale, paketi kubwa ina nafasi nyingi zaidi ya kuguswa kuliko ndogo, kama vile gari refu linavyochelewa kuvuka makutano yenye hatari. Na paketi iliyoharibika biti moja hutupwa yote. Nikarudia kipimo kilekile kwa paketi kubwa:

```
ping -n 600 -l 1400 1.1.1.1
```

Safari hii zilipotea 19, yaani zaidi kidogo ya asilimia 3, na maneno `Request timed out.` yalikuwa yametawanyika katika dakika zote kumi badala ya kurundikana pamoja. Nilirudia saa kumi na moja alfajiri, wakati mtaa mzima umelala, nikapata 21. Hilo lilikuwa jibu muhimu kuliko yote, kwani msongamano wa watumiaji hupungua usiku, lakini waya mbovu hauna usiku wala mchana. Kwa amri ya `tracert -d 1.1.1.1` nikaipata anwani ya kituo cha kwanza cha kampuni baada ya ruta yangu, nikakipima nacho kwa paketi kubwa, na upotevu ulikuwa uleule. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kati ya sebule yangu na kituo hicho. (Kituo cha katikati kikionyesha upotevu ambao hauonekani katika vituo vinavyokifuata, msihangaike nacho, mara nyingi kinapuuza tu kujibu vipimo huku kikipitisha paketi za watu kama kawaida.)

Sasa, inawezekanaje laini inayopoteza paketi 3 kati ya 100 ionyeshe megabiti 48? Data nyingi za mtandaoni husafiri kwa utaratibu uitwao TCP, ambao kwa kawaida huuchukulia upotevu wa paketi kuwa dalili ya foleni, hivyo hupunguza mwendo ghafla kisha kuuongeza taratibu kila jibu linaporudi. Kipimo cha spidi huchagua seva ya hapa hapa Dar es Salaam, ambayo kwangu hujibu kwa milisekunde 4, na hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja. Mmoja ukipunguza mwendo, unarudi upesi mno, na mingine inaziba pengo. Seva ya mechi iko Ulaya, na kwangu hujibu kwa milisekunde 160. Kila paketi inapopotea, kupona kunachukua muda mara arobaini zaidi. Kwa kanuni iliyoandikwa na mtafiti wa mitandao Mathis na wenzake mwaka 1997, muunganisho mmoja wenye upotevu na umbali huo unabaki na takriban nusu megabiti, wakati picha safi ya mechi inataka megabiti 5 hivi. Video iliyorekodiwa haikunisumbua sana kwa sababu kichezeshi hupakua dakika nzima mbele na kujiwekea akiba, lakini mechi ya mubashara haina mbele ya kupakua: sekunde zijazo hazijachezwa bado. Pia zipo huduma zinazotumia mbinu mpya zisizotishwa na kila upotevu, kwa hiyo kufanya kazi kwa tovuti moja hakumaanishi laini ni nzima.

Niliitumia kampuni picha za vipimo vyote viwili, na siku ya tatu akaja fundi kijana aliyejua kazi yake. Hakupima spidi kabisa. Alichomoa kebo ya faiba, akaweka kipima mwanga, kikasoma -28.6 dBm. "Bro, kifaa hiki mwisho wake ni -27," akaniambia, "huku chini kinasoma kwa kubahatisha." Tulipofuata kebo tukaikuta imekunjwa kama kiwiko nyuma ya kabati la televisheni, kabati ambalo, nikiri, nililisogeza mimi mwenyewe mwezi wa tano. Akainyoosha, akasafisha kichwa cha kebo kwa kalamu yake maalumu, na mwanga ukapanda hadi -20.4. Kipimo cha paketi 600 kubwa kikarudi bila kupoteza hata moja. Spidi? Ilibaki 48, vilevile.

Mechi tatu zimepita bila kukwama. Ninawapa nyota 3 kati ya 5: nne kwa laini na fundi, moja nimeiondoa kwa wiki mbili za kusomewa spidi kwenye simu, wakati mwanga ule wa -28.6 kampuni za faiba huweza kuusoma kwenye kifaa cha mteja bila kutoka ofisini.