Waliandika hawatagusa rangi ya ngozi, wakaigusa

Studio yenyewe iko Sinza, jina nalihifadhi kwanza maana bado nina hasira.

Tulipiga picha ya familia bila kaka, yuko Mwanza, tukaomba apachikwe pembeni ya baba. Kabla ya kugusa chochote, mpiga picha akatutumia barua ya kueleza nini kitabandikwa na nini kitabadilishwa. Hapo niseme ukweli, sijawahi kuona studio ya hivyo hapa Dar. Kichwa cha mama, aliandika, kitatoka kwenye picha nyingine ya siku ileile, kwa sababu kwenye ile tuliyoichagua amefumba macho. Mahali pa kuungia patafichwa kwenye mkunjo wa mtandio.

Kwa kaka ndiko alikoeleza kwa kirefu. Selfi aliyotuma imepigwa karibu mno, ndiyo maana pua imevimba na masikio yamejificha. Tena mwanga umempiga kutoka kushoto, wakati taa yetu ilikuwa kulia. Angeweza kumgeuza kama kwenye kioo ili kivuli cha pua kilale upande mmoja na vyetu, lakini saa ingehamia mkono mwingine, vifungo vya shati vingekaa kama vya blauzi, na mama angeuliza huyu ni nani. Kwa hiyo akaomba picha mpya: kaka asimame kando ya dirisha, mwanga utoke kulia, anayempiga arudi nyuma hatua mbili tatu, halafu itumwe kwa "Document" ili WhatsApp isiibane. Tulifanya hivyo na, wallahi, kaka katulia pale utadhani alikuwepo.

Mwisho wa barua: jasho na chunusi zitaondolewa, rangi ya ngozi ya mtu yeyote haitaguswa.

Nafika kuchukua picha, baba mweupe! Uso umekuwa kama ukuta uliopakwa chokaa, masikio na mikono imebaki na rangi yake. Mzee ameuza samaki Feri juani miaka yote, leo anafanana na mtu aliyevaa kinyago. Namuuliza kijana wa kaunta, ananijibu huku anachezea simu: "Dada, watu wanapenda kung'aa." Nikamfungulia barua. "Hiyo ni ya bosi, mimi nahariri ninavyojua." Mbele ya wateja!

Nikasema sirudi tena, na nilitaka kuwaambia na ninyi msiende. Lakini nilimpigia mpiga picha, nikamsomea mstari wake mwenyewe, hakubishana. Alirudia kazi, akachapa upya bila kudai hata mia. Bila ile barua ningeanzia wapi? Wangesema ni macho yangu.

Basi siku nikiwatajia jina nendeni, ila dai barua kwanza, na ukifika kuchukua linganisha uso na mikono kabla hujamalizia malipo. Nyota tatu. Zilikuwa nne, ila yule kijana hajaomba radhi mpaka leo.