Ufanisi wa chaji na ufanisi wa nishati katika seli ya lithiamu

Chukua seli iliyoingizwa ampea-saa 3.000 kwa wastani wa volti 3.40, ikatoa 2.997 kwa volti 3.20. Ufanisi wa chaji ni 99.9%, wa nishati 94%.

Karibu pengo lote la nishati ni joto. Likipanuka mwezi hadi mwezi kwa mkondo uleule, ukinzani wa ndani umeongezeka. Punguza mkondo, litapungua.

Mimi naiogopa zaidi ile 0.1% ya chaji isiyotoka. Sehemu yake ni lithiamu inayonaswa kwenye utando wa anodi, na hairudi. Ingekuwa yote hivyo, mizunguko 500 ingeacha takribani 61% ya ujazo. Lakini kuipima kunahitaji kifaa sahihi mno, na halijoto isiyoyumba.