Akaunti ya demo ilinifundisha vitufe, S/L ikanifundisha broka

Nilikuwa naandaa nyota nne kwa broka huyu. Sasa ni mbili, na hata hizo natoa kwa shingo upande.

Kisa ni dhahabu. Ijumaa ya takwimu za ajira za Marekani niliweka oda ile ile kwenye akaunti mbili za broka huyu, demo ya pesa za kuigiza na halisi: kununua loti 0.01 ya XAUUSD, yaani dhahabu kwa dola, na S/L, ile bei ya kufunga oda ili hasara isizidi, dola 8 chini ya bei. Loti 0.01 ni aunsi moja, kwa hiyo dhahabu ikishuka dola moja, nawe umepoteza dola moja. Demo ilifunga pale pale nilipoandika, hasara dola 8 kamili. Halisi ilifunga dola 11.40 chini.

Nikauliza. Jibu: “Ndugu mteja, soko ndivyo lilivyo. Soma mkataba.” Hiyo ni lugha ya kumjibu mtu aliyepoteza pesa?

Linaniuma kukiri kwamba kimsingi wana hoja. S/L ikiguswa hugeuka oda ya kuuza kwa bei itakayopatikana, na habari zikitoka wanunuzi hujitoa, bei ikaruka. Januari 15, 2015, benki kuu ya Uswisi ilipoacha kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro, S/L za watu zilifungwa mbali mno, na wengine wakabaki wanadaiwa. Demo haihitaji mnunuzi yeyote. Mashine inajiandikia tu. Basi mniambie hivyo siku ya kufungua, si baada ya kuumia!

Halafu kuna hili ambalo broka hahusiki. Dola 8 kwenye demo ya 10,000 hazifiki hata 0.1%, unaiacha oda unaenda kula. Kwenye dola 100 halisi ni 8%, na simu haikutoki mkononi. Lengo lilikuwa dola 16, lakini ukiona faida ya dola 3 unaikwapua. Hesabu inageuka hapo: kwa lengo la 16 na hasara ya 8, ukishinda oda moja kati ya tatu hujapoteza kitu. Kwa faida za 3, lazima ushinde nane kati ya kumi na moja ili tu usipungukiwe. Demo haikuonyeshi mkono wako unavyotetemeka.

Kwa hiyo, ukifungua demo kwenye MetaTrader 5, sehemu ya Deposit chagua kiasi utakachoweka kweli. Kwa dola 100 utaona mapema kwamba dhahabu ni mzigo. EURUSD ya loti 0.01 yenye S/L ya 0.0020 inakugharimu dola 2. Baadaye fungua History, linganisha S/L na bei iliyofungia. Zikilingana daima, hata siku za habari, ujue uko demo.

Haya, nyota tatu. Zote za demo. Huduma kwa wateja haina hata nusu.