Sahani Nyeupe Hazifanani: Mwongozo wa Kununua Sahani, Kitambaa cha Meza na Mapambo ya Chakula

Ramadhani iliyopita niliandaa futari kwa ajili ya wakwe zangu, na kwa heshima yao nilinunua sahani mpya 12 katika duka moja la Kariakoo, nyeupe kabisa, zinazong'aa. Wali wa nazi niliupika alasiri ileile, na tui zito nikalitia mwishoni kama nilivyolelewa. Mama mkwe alipopakuliwa aliutazama wali, kisha akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huu wali ni wa leo?" Sikuwa na la kujibu, kwa sababu hata mimi niliuona una umanjano wa kiporo. Wageni walipoondoka nilichukua wali uliobaki katika sufuria ileile, nikaupakua kwenye sahani yangu ya zamani ya rangi ya krimu, yenye ufa ukingoni, na nikaiweka kando ya ile mpya. Kwenye krimu wali ulikuwa mweupe. Kwenye nyeupe ulikuwa umechakaa.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitazungumzia ukubwa wa sahani, idadi ya vipande wala kama inavumilia kuanguka, maana mambo hayo kila mnunuzi huyaangalia. Nitazungumzia kasoro ambayo karibu hakuna anayeitazama dukani, nayo ni ubuluu uliojificha ndani ya weupe.

Jicho halipimi rangi ya kitu peke yake, bali hulinganisha kitu na jirani yake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika karakana ya Gobelins mjini Paris inakofumwa mazulia ya kutundika ukutani, aliyaeleza haya kwa kina mwaka 1839, baada ya kuchunguza malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hiyo zilionekana hafifu. Aligundua kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro. Zilidhoofishwa na rangi zilizofumwa kando yake. Rangi mbili zikikaa jirani, kila moja humsukumia mwenzake kinyume chake: buluu humsukumia jirani umanjano, nyekundu humsukumia ukijani, na manjano humsukumia ubuluu. Wali wa nazi una ukrimu kidogo kwa asili yake, hivyo ukipakuliwa juu ya weupe wenye ubuluu, ule ukrimu hukuzwa mpaka mlaji akadhani ni wali wa jana.

Ubuluu huo haukuingia kwa bahati mbaya. Udongo wa kufinyangia sahani mara nyingi huwa na chembe za chuma, nazo huacha umanjano baada ya kuchomwa, kwa hiyo viwanda vinaweza kutia kobalti kidogo sana katika tabaka la kung'arisha ili kuuficha. Mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood aliuza vyombo vya namna hiyo tangu mwaka 1779. Ni njia ileile ya mama zetu walipotia buluu katika maji ya mwisho ya kusuuzia kanzu. Kanzu hupendeza kwa buluu kwa kuwa hakuna anayeweka wali juu yake.

Namna ya kuitambua sahani ya aina hii ni rahisi, ila inahitaji uvumilivu wa muuzaji. Beba karatasi moja nyeupe ya kuchapishia, kisha uombe kuitoa sahani mlangoni, kivulini, mahali penye mwanga wa mchana usio wa jua kali. Karatasi hizo hutiwa kemikali za kuongeza weupe zinazozipa ubuluu, na kwa sababu hiyo ni kipimo kizuri: sahani ikifanana kabisa na karatasi, ina ubuluu, ikionekana ya krimu kando ya karatasi, hiyo ndiyo ya kupakulia wali. Usikubali kuipima chini ya taa za dukani. Maduka mengi hufunga taa zenye mwanga wa samawati, zile ambazo boksi lake huandikwa 6500K, na chini yake kila sahani hung'aa kama theluji. Nyumbani wengi tunakula chini ya taa hizohizo, kwa hiyo anayeweza abadilishe balbu moja tu, ile ya juu ya meza, aweke ya 3000K, yenye mwanga wa umanjano.

Katika mpangilio wangu, nafasi ya kwanza inakwenda kwa sahani za kauri za rangi ya krimu au ya pembe ya ndovu, na sitaficha kwamba ninazipenda zaidi zile za RAK Porcelain, zinazotengenezwa Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Ukrimu wake umo ndani ya udongo wenyewe, haukupakwa juu, kwa hiyo hata ukingo ukimeguka hutaona doa la rangi nyingine. Wali wa nazi, mkate wa kumimina, mahamri na vitumbua vyote hutulia juu yake, na pilau pia haipotezi hudhurungi yake. Kampuni hiyo hutengeneza na rangi nyingine, kwa hiyo hata ukiliona jina lake chini ya sahani, bado itoe ile karatasi. Bei yake iko juu, nami ningemshauri mtu anunue 6 za aina hii kuliko 24 za aina nyingine.

Nafasi ya pili ni sahani za rangi iliyokolea, kahawia au kijivu cheusi, zisizong'aa. Hizi ni za nyumba inayokula ugali wa sembe kila siku, kwa sababu ugali mweupe juu ya sahani nyeupe hupoteza mipaka yake. Hujui unaishia wapi na sahani inaanzia wapi. Kwa mwenye mzazi anayepungukiwa na uwezo wa kuona, jambo hili lina uzito zaidi. Watafiti wa Boston walichapisha mwaka 2004 uchunguzi juu ya wanaume 9 wenye ugonjwa wa usahaulifu wa Alzheimer uliokithiri, na walipobadilishiwa sahani nyeupe wakapewa nyekundu iliyokolea, chakula walichokula kiliongezeka kwa asilimia 25. Wahusika walikuwa wachache, hilo ni kweli, lakini buluu iliyokolea nayo ilisaidia ilhali rangi zilizofifia hazikusaidia, na hiyo inaonyesha kwamba kazi ilifanywa na tofauti kati ya chakula na sahani. Kasoro ya sahani hizi ni kwamba maharage, mchuzi wa nyama na pilau humezwa na weusi, na visu huziachia michirizi ya kijivu isiyotoka kwa sabuni ya kawaida.

Nyeupe yenye ubuluu naiweka ya tatu, pamoja na zile zenye maua ya buluu ukingoni. Hazifai kwa wali, ila kwa vyakula vya rangi ya machungwa na manjano ni nzuri kupita zote. Samaki wa kupaka, mchuzi wa papa wenye bizari na embe lililokatwa huwaka juu yake, kwa sababu umanjano unaosukumwa na buluu safari hii unaangukia mahali unapotakiwa.

Sahani za plastiki na melamini ni za bei nafuu, lakini rangi zake huwa kali mno, na zilizofifia hushika madoa ya bizari. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Kitambaa cha meza huharibu hata sahani nzuri, na huharibu kwa njia mbili. Kwanza, ukingo wa sahani inayong'aa huakisi kama kioo, kwa hiyo satini nyekundu ya sherehe hupaka wekundu pembeni mwa sahani yote. Pili, wekundu ule humsukumia jirani ukijani, na wali au kuku wa kuchemsha ukapata sura ya kitu kilichoanza kuharibika. Kitambaa cheupe cha poliesta nacho kina kemikali zilezile za karatasi, na ukikitandika karibu na dirisha mchana hung'aa kwa ubuluu. Mimi hununua pamba nzito ya rangi ya mchanga au kijani cha majani makavu. Anayetandika kanga aangalie pindo kabla ya mji, kwa kuwa sahani hukaa juu ya pindo, na mji hubaki katikati kwenye mabakuli.

Mapambo ya chakula nayo yanunuliwe kwa hesabu hiyohiyo. Wengi hutupia giligilani kila mahali, hata kando ya mchicha ulioiva. Mchicha ukipikwa muda mrefu, hasa ukitiwa ndimu au nyanya, asidi na moto huuondolea magnesiamu iliyo ndani ya ukijani wake, na rangi hugeuka ya zeituni. Ukiweka giligilani mbichi pembeni, umempa mlaji kipimo cha kuuona ubovu wa mchicha wako. Weka vipande vya nyanya mbivu, na wekundu wake utaurudishia mchicha ukijani kidogo. Nyama choma ndiyo inayotaka majani mabichi, na baadhi ya wauza nyama hupanga majani ya plastiki kati ya vipande kwa sababu hiyo. Wali wa nazi unataka kipande cha limau lililoiva, la manjano, maana umanjano wake huusogeza wali kwenye weupe. Kiazisukari chekundu usikiweke juu ya wali kwa hali yoyote, kwa kuwa ndani ya dakika chache hutoa maji na kuuacha na madoa ya waridi.

Niliporudi Kariakoo na sahani zangu, nilimwonyesha muuzaji karatasi na sahani ya krimu, nikamweleza jambo hili lote. Alinijibu kwamba nyeupe ni nyeupe, kisha akanielekeza kwenye maandishi ya risiti, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Nilikuwa nimelipa shilingi 96,000. Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku ya kununua nilikuwa nimeomba kuitoa sahani moja nje, nikakataliwa kwa kuwa ilikuwa imefungwa pamoja na wenzake, na ile ya maonyesho ilikuwa imewekwa juu ya mahameli nyeusi chini ya taa yake peke yake. Katika duka hilo boksi la sahani za krimu huongezewa bei na kuitwa "la hoteli", ilhali ni rangi tu inayotofautiana. Duka lisiloruhusu sahani moja ifike mlangoni, mimi sasa sinunui kitu humo.

Zile 12 bado ziko kabatini. Ijumaa napakulia samaki wa kupaka, na msimu wa maembe hazikauki maji. Wali nimeurudishia sahani za krimu, pamoja na ile yenye ufa.