Jedwali la Kufuatilia Kazi za Timu Ndogo: Lipi la Kuchukua, Lipi la Kulipia

Timu ya watu watatu hadi kumi haihitaji programu kubwa ya usimamizi wa miradi. Inahitaji lahajedwali moja yenye safu saba: kazi, mhusika, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, idadi ya siku, asilimia iliyokamilika na hali. Kuna violezo vingi vya bure, vya kulipia, na vinavyokuja ndani ya programu zenyewe, na vingi vinavutia machoni. Rangi zisikuchukue. Nimevipanga kwa kigezo kimoja tu: je, wiki ya sita jedwali litakuwa bado linasema kweli?

Kabla ya orodha yenyewe, tuangalie kinacholifanya jedwali liseme uongo, maana ndicho cha kukagua kabla hujatoa hela.

Asilimia ya mradi mzima

Violezo vingi vinaweka juu kabisa namba kubwa ya "mradi umefikia wapi". Bonyeza seli hiyo uone fomula yake. Ukikuta AVERAGE, kiolezo hicho kina kasoro, hata kama ni cha kulipia.

Chukua timu inayotengeneza tovuti. Kununua jina la kikoa ni kazi ya siku 1, imekwisha, 100%. Kusanifu kurasa ni siku 5, nayo imekwisha. Kuandika maudhui ni siku 10, imefika 50%. Kujenga tovuti ni siku 20, imefika 10%. Majaribio ni siku 4, hayajaanza. Wastani wa kawaida wa asilimia hizo tano ni 52%, na bosi akiiona anadhani mko nusu ya safari. Lakini kazi yote ni ya siku 40, na zilizofanyika kweli ni 1 + 5 + 5 + 2, yaani siku 13. Hiyo ni 32.5%. Tofauti inatokana na kwamba wastani umeipa kazi ya siku moja uzito uleule wa kazi ya siku ishirini. Timu huanza na vitu vidogo vyepesi, kwa hiyo mwanzoni namba ya wastani karibu kila mara hudanganya kwa upande wa kufurahisha.

Fomula sahihi, tukichukulia siku ziko safu ya E na asilimia ziko F, ni hii:

```
=SUMPRODUCT(E2:E6,F2:F6)/SUM(E2:E6)
```

Siku zenyewe zisiandikwe kwa mkono. `=NETWORKDAYS(C2,D2)` huhesabu siku za kazi kati ya mwanzo na mwisho, ikiruka Jumamosi na Jumapili, na huhesabu siku zote mbili za pembeni. Kompyuta yako ikigoma kupokea alama ya mkato ndani ya fomula, weka nukta mkato (;). Hutegemea lugha na nchi iliyowekwa kwenye mipangilio.

Hali inayopingana na asilimia

Jambo la pili la kukagua ni kama hali inachaguliwa kwa mkono. Ikichaguliwa kwa mkono, haitapita muda utakuta kazi imeandikwa "Imekamilika" huku asilimia ni 75, au "Inaendelea" huku tarehe ya mwisho ilipita zamani. Hapo hakuna anayejua aamini safu ipi. Afadhali hali ijipe yenyewe:

```
=IF(F2=1,"Imekamilika",IF(AND(D2<>"",D2<TODAY()),"Imechelewa",IF(F2>0,"Inaendelea","Haijaanza")))
```

Kile kipande cha `D2<>""` si mapambo. Bila hicho, kazi ambayo haijapangiwa tarehe husomeka kuwa imechelewa, kwa sababu seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko tarehe ya leo. Ukiona kiolezo kipya kimejaa wekundu kwenye mistari isiyo na kitu, ugonjwa ni huo.

Kitu kimoja fomula haiwezi kukijua: kazi iliyokwama kwa sababu mnasubiri mtu mwingine. Hicho kiwekee safu yake ya maneno, "Kizuizi", mtu aandike anachosubiri.

Asilimia nayo ibanwe. Weka orodha ya kuchagua yenye 0%, 25%, 50%, 75% na 100% basi. Mtu anayeandika 83% anakisia sawa na anayeandika 75%, ila namba yake inaonekana kama kipimo. Orodha hiyo pia huzuia kosa la kuandika 50 mahali pa 50%, ambalo hufanya mradi wote uonekane umefika asilimia elfu kadhaa.

Tarehe ambazo si tarehe

Hili ndilo gumu kuligundua. Mtu akiandika "mwisho wa Juni", au akinakili tarehe kutoka kwenye ujumbe, seli inaweza kuhifadhi maneno badala ya tarehe. Programu za lahajedwali zikilinganisha maneno na namba, maneno huhesabiwa kuwa makubwa zaidi, hivyo `D2<TODAY()` haitakuwa kweli hata siku moja. Kazi hiyo haitaonekana imechelewa hata ikipitwa na mwaka mzima. Ishara ni kwamba tarehe ya kweli hukaa upande wa kulia wa seli, maneno hukaa kushoto, mradi hakuna aliyebadilisha mpangilio. Ukitaka uhakika andika `=ISNUMBER(D2)` pembeni. Ikijibu FALSE, hiyo si tarehe. Angalia pia kama 3/4 kwenye kompyuta zenu inasomwa tarehe 3 Aprili au Machi 4.

Sasa orodha yenyewe.

1. Google Sheets, jedwali la kujitengenezea

Kwa timu nyingi ndogo tafuta hapa kwanza, na mara nyingi hutaenda mbali zaidi. Ni bure kwa mwenye akaunti ya Google, watu kadhaa huandika kwa wakati mmoja, na nakala inabaki moja. Kwenye menyu ya Data kuna Data validation, ya kubana asilimia, kulazimisha tarehe za kweli na kuweka orodha ya wahusika. Orodha hiyo iwe ya jina moja kwa kila kazi. Kazi yenye majina mawili haina mwenyewe. Ikiwa kweli ni ya wawili, igawe iwe mistari miwili.

Sababu kubwa ya kuiweka juu ni Version history, iliyo kwenye menyu ya File. Mtu akifuta mistari kwa bahati mbaya, au tarehe ya mwisho ikisogezwa kimyakimya, unaona nani alibadilisha na lini, na unaweza kurudisha ya zamani.

Kero yake moja ni kichujio. Mtu akichuja aone kazi zake tu, wenzake nao wanaona kazi zao zimepotea, na kuna atakayeziandika upya. Dawa ni Filter views, ambazo kila mmoja hutumia bila kumsumbua mwenzake. Zifunge pia safu zenye fomula kupitia Protect sheets and ranges, la sivyo ipo siku mtu ataandika "tayari" juu ya fomula ya hali. Mtandao ukiwa wa kusuasua, faili linaweza kuwekwa litumike nje ya mtandao, ila hilo liandaliwe mapema.

2. Microsoft Excel, kama mnayo tayari

Kwa hesabu, Excel haipungukiwi kitu. Tatizo ni namna ya kuinunua na kuitumia. Leseni ya kulipa mara moja inakupa programu kwenye kompyuta yako. Mkianza kutumiana faili kwa barua pepe, siku chache baadaye kuna "Mradi_mwisho", "Mradi_mwisho2" na "Mradi_mwisho_kweli". Kuandika pamoja kwa wakati mmoja kunataka faili likae OneDrive au SharePoint, na kwa programu ya kwenye kompyuta njia ya kawaida ni Microsoft 365, inayolipiwa kila mwezi au mwaka.

Kama hamna usajili huo, Excel ya kwenye kivinjari ni bure kwa akaunti ya Microsoft na inatosha kabisa kwa safu saba. Singelipia Microsoft 365 kwa ajili ya jedwali hili peke yake. Ikiwa ofisi inailipia kwa sababu nyingine, itumie bila wasiwasi, na orodha ya kazi igeuzwe kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T. Fomula zitajishusha zenyewe kila mstari mpya unapoongezwa.

3. Kiolezo cha kulipia

Hapa unachonunua ni muda wa mtu aliyepanga rangi na chati ya Gantt. Kuna vinavyostahili, hasa kama unatoa ripoti kwa mteja anayetaka kuona mistari ya muda. Omba toleo la majaribio, kisha ongeza mstari katikati ya orodha, si mwishoni. Tazama kama fomula ya hali imefuata, na kama jumla ya juu imeuhesabu huo mstari. Halafu jaribu kubonyeza seli za fomula. Kama zimefungwa kwa nywila ambayo mnunuzi hapewi, achana nacho, kwa sababu siku ikiharibika hutaweza kuitengeneza.

Uliza pia kama kina makro, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya faili. Faili la Excel lenye makro kwa kawaida huishia na `.xlsm`. Makro hizo hazifanyi kazi Excel ya kwenye kivinjari wala Google Sheets, na tangu 2022 Microsoft ilianza kuzizuia zenyewe kwenye mafaili yaliyopakuliwa mtandaoni. Utanunua kitu ambacho nusu ya timu haiwezi kukifungua kikamilifu.

4. LibreOffice Calc

Ni bure, haihitaji akaunti, na fomula zote zilizo juu zinafanya kazi. Inafaa pale ambapo mtu mmoja ndiye anayeandika na wengine wanasoma nakala ya PDF kila Ijumaa. Wakiwa watano wanaotaka kuandika wenyewe, itawachosha.

5. Programu za kulipia kwa kila mtu

Zinafanana na lahajedwali lakini hutoza kwa kila kichwa kila mwezi, kwa hiyo zidisha bei kwa idadi ya watu, kisha kwa miezi 12, ndipo uamue. Zinaanza kuwa na maana kazi moja ikisogea siku tatu nanyi mnalazimika kubadilisha kwa mkono tarehe za kazi nyingine nyingi zinazoisubiri. Kama hilo hutokea mara moja moja tu, hela hiyo ibaki mfukoni.